Kikombe Kimejaa, Mtoto Hajala

Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayojaza maghala ya Tanzania. Mahindi ya huko hupakiwa kwenye malori na kushushwa Dar es Salaam, Dodoma na hata nje ya mipaka. Lakini Utafiti wa Taifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022, uliokuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, uliitaja mikoa hiyo hiyo mitatu miongoni mwa inayoongoza kwa udumavu. Njombe na Rukwa ni karibu nusu ya watoto, na Iringa ni zaidi ya nusu.

Udumavu una vyanzo vingi: afya ya mama akiwa mjamzito, kuhara kunakojirudia, maji machafu, kazi za shamba zinazomwacha mtoto mikononi mwa dada yake wa miaka minane. Hata hivyo, swali la msingi halikwepeki. Mtoto anawezaje kukosa chakula katika nyumba yenye gunia la mahindi kila kona? Sehemu ya jibu imo ndani ya kikombe cha plastiki chenye mdomo, kile anachopewa asubuhi, mchana na jioni. Uji upo, mtoto anaunywa wote, tumbo linajaa na analala. Kasoro iko kwenye kiasi cha unga kilichoingia sufuriani.

Tuchukue mtoto wa miezi 10 mwenye uzito wa kilo 8 na nusu. Tumbo la mtoto mdogo hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo huyu akishiba sana atakuwa amechukua kama mililita 250, yaani kikombe kimoja cha kawaida. Hapo hana nafasi tena, hata ukimbembeleza kwa nyimbo.

Sasa tuingie jikoni. Mama anabandika lita moja ya maji na kukoroga vijiko vinne vya chakula vya unga wa mahindi, vilivyosawazishwa, ambavyo ni kama gramu 40. Uji unachemka, maji kidogo yanapotea kwa mvuke, unabaki kama mililita 800. Kila kikombe cha mililita 250 kina gramu 12 hivi za unga, na kilichobaki ni maji. Gramu 12 za unga hutoa nguvu ya kalori kama 44, zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula kama kcal. Mtoto akinywa vikombe vitatu kwa siku anapata takriban kalori 130.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya vizuri anahitaji kalori kama 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, juu ya kile anachopata kwenye maziwa ya mama. Akitimiza mwaka, mahitaji hayo hupanda hadi 550. Ukitaka kufikisha 300 kwa uji ule mwepesi utamnywesha karibu vikombe saba kwa siku, na akifikisha mwaka itabidi viwe zaidi ya 12. Hakuna mtoto wa kuweza hilo, wala mama mwenye muda huo.

Wapo watakaosema mama huyo ni mvivu au hajui. Kabla ya kumlaumu, inafaa kuangalia unga unavyofanya kazi ukiwa motoni. Chembe za wanga zilizomo kwenye unga wa mahindi, mtama au mihogo zikipata maji na joto hunyonya maji na kuvimba. Maji yakikaribia nyuzi joto 70 za Selsiasi, zinavimba kiasi cha kugusana na kubanana, na ghafla uji uliokuwa unatiririka unakuwa mzito. Ndiyo maana mama anakoroga dakika kadhaa bila kuona kitu, kisha mwiko unagoma mkononi. Unga ukifika gramu 10 kwa kila mililita 100, uji unakuwa mzito wa kuliwa kwa kijiko. Ukikaribia gramu 20, umeshaanza kufanana na ugali laini, na mtoto wa miezi saba asiye na meno hawezi kuumeza.

Kwa hiyo mama hupunguza ukali wa uji kwa njia pekee aliyoizoea, kuongeza maji. Nia yake ni njema. Mtoto anameza bila kukabwa, hatemi, hachafui nguo, na anamaliza haraka ili kazi nyingine ziendelee. Kila kipimo cha maji anachoongeza kinachukua nafasi ya unga ndani ya tumbo lile lile la mililita 250.

Halafu kuna chupa ya chai. Katika nyumba nyingi za mjini uji wa mtoto hupikwa mara moja alfajiri, kabla mama hajaenda kibaruani, na kumiminwa kwenye chupa ya chai ili udumu moto hadi mchana. Uji ukikaa humo huendelea kuganda. Ikifika saa tano, dada wa kazi anainamisha chupa na uji hautoki, au unatoka kwa mabonge. Anafanya ambalo yeyote angefanya: anaongeza maji ya moto kidogo, anatikisa, anamimina. Uji uliokuwa na gramu 5 za unga kwa mililita 100 unabaki na gramu 3 au 4. Umeongezwa maji mara mbili na aliyeupika hajui. Kadiri joto linavyoshuka ndani ya chupa, uji unazidi kuwa mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana, hasa kama shingo na kizibo cha chupa havikusuguliwa tangu jana.

Uji unaonyweshwa kwa chupa ya chuchu ni mwepesi zaidi, kwa sababu lazima upite kwenye tundu. Wengine hulipanua tundu kwa sindano ya moto, lakini hata tundu lililopanuliwa halipitishi uji wenye chakula cha kutosha, na chuchu yenyewe ni ngumu kusafisha.

Hasara kubwa kuliko zote huwapata watoto wanaoanzishiwa uji mapema, wakiwa na miezi mitatu au minne, kwa maelezo yanayosikika kila kona kwamba "maziwa hayamshibishi". Mililita 100 za maziwa ya mama zina kalori kati ya 65 na 70, pamoja na mafuta, protini na kinga. Mililita 100 za uji mwepesi zina kama 18. Tumbo likishajaa uji, mtoto hunyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Mtoto anakuwa ametoa chakula chenye nguvu na kupokea chenye robo yake, kisha analala muda mrefu, na bibi anaridhika kwamba sasa ameshiba.

Sukari ndiyo inayoficha mambo zaidi. Uji usio na ladha mtoto huukataa, kwa hiyo huongezwa vijiko viwili vya chai vya sukari, na mara nyingine mama huongeza kimoja zaidi kwa huruma. Vijiko viwili ni gramu 8, sawa na kalori 32. Kikombe kilichokuwa na 44 sasa kina 76, na mtu akisimama kwenye hesabu ya nguvu peke yake atasema mambo yamekuwa mazuri. Lakini zaidi ya asilimia 40 ya nguvu hiyo ni sukari, ambayo haina protini, chuma, zinki wala vitamini. Gramu 12 za unga wa mahindi zina gramu moja tu ya protini, na sukari haikuongeza chochote hapo. Mtoto anaweza hata kuonekana mnene wa mashavu huku damu yake ikipungua.

Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu kulisha watoto wa miezi 6 hadi 23 umesema wazi kwamba vinywaji vilivyotiwa sukari visipewe watoto wa umri huo. Hapo wanaingia pia wale vinywaji vya unga vya dukani, vyenye kimea, kakao na picha ya mtoto mwenye misuli, ambavyo wazazi wengi huviona kama dawa ya nguvu. Kijiko kimoja au viwili vya unga huo kwenye kikombe cha maji ya moto ni maji matamu yenye rangi ya kahawia. Vitamini zilizoongezwa kiwandani zipo kweli, na pakiti haidanganyi inapozitaja. Ila orodha ya viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia, na mzazi akiigeuza pakiti mara nyingi atakuta sukari kwenye nafasi ya kwanza, ya pili au ya tatu. Ikiwa sukari haionekani hapo, atafute sirapu ya glukosi na maltodekstrini, ambazo ni ndugu zake.

Hata nafaka zilizotengenezwa mahsusi kwa watoto wachanga hazikusalimika. Aprili 2024 shirika la Uswisi liitwalo Public Eye, pamoja na mtandao wa IBFAN unaotetea unyonyeshaji, walitoa ripoti kuhusu bidhaa za watoto za kampuni ya Nestlé. Ripoti ilieleza kwamba nafaka za watoto zinazouzwa katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zilikuwa zimeongezwa sukari, ilhali bidhaa kama hizo nchini Uswisi, makao makuu ya kampuni, huuzwa bila sukari iliyoongezwa. Kampuni ilijibu kwamba inafuata kanuni za kila nchi. Jibu hilo linaweza kuwa sahihi kisheria, na hapo ndipo penye swali kwa watunga kanuni.

Wazazi waliochoshwa na sukari na uji mweupe hukimbilia unga wa lishe. Ukienda kwenye mashine ya kusaga nafaka mtaani utawakuta wamepanga vifuko: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, soya, karanga, na wengine huweka hata korosho na mbegu za maboga. Imani ni kwamba vikiwa vingi, lishe inakuwa kubwa. Wataalamu wa lishe huwapima watoto kwa makundi manane ya vyakula, na mtoto huhesabiwa kuwa amekula mlo mchanganyiko akipata angalau makundi matano kwa siku. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama na uwele ni kundi moja. Soya, karanga na korosho ni kundi jingine moja. Unga wenye vitu 10, ukijumlishwa na maziwa ya mama, unampatia mtoto makundi matatu. Nyama na samaki, mayai, maziwa ya wanyama na mazao yake, matunda na mboga zenye vitamini A, na mboga na matunda mengine yote bado hayajaguswa.

Mchanganyiko mrefu una matatizo mengine. Nafaka sita haziiva kwa muda mmoja. Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia tumbo kusaga protini, hivyo lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, na wasagaji wengi hawaulizi. Karanga zilizosagwa huchacha upesi kwa sababu ya mafuta yake, na karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota fangasi wanaozalisha sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua karibu watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wengi wakiwa watoto. Mama anayesaga debe zima la unga wa miezi mitatu ili kuokoa nauli ya kwenda mashineni anaongeza hatari hiyo. Nafaka moja na jamii moja ya kunde, zilizosagwa kidogo kidogo na kukauka vizuri, zinatosha. Karanga ni bora zisagwe peke yake na ziingie kwenye uji wakati wa kupika.

Ulezi nao umebebeshwa mzigo usio wake. Kwa kuwa uji wake ni mwekundu, husemwa "unaongeza damu". Ulezi una sifa ya kweli, nayo ni kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine za hapa. Chuma chake ni kiasi, na kimefungwa pamoja na fitati na tanini zinazozuia utumbo kukifyonza. Gramu 12 za ulezi ndani ya kikombe zina kama nusu miligramu ya chuma, na kinachoingia mwilini ni sehemu ndogo tu ya hiyo.

Tanzania iliwahi kulishughulikia tatizo hili kwa namna ambayo dunia iliiga. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikuwa na watafiti walioshirikiana na wenzao wa Sweden kutafuta jinsi ya kupika uji wenye unga mwingi lakini unaotiririka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walirudi kwenye kitu ambacho kila mpika pombe wa kienyeji anakijua: kimea. Mwaka 1983 A. C. Mosha na U. Svanberg walichapisha matokeo yao, na unga wa kimea ukaanza kufundishwa vijijini kwa jina la unga wa nguvu.

Hatua zake ni hizi. Ulezi unachambuliwa, unaoshwa na kulowekwa usiku mmoja. Asubuhi maji yanamwagwa, ulezi unatandazwa kwenye kitambaa au gunia safi lenye unyevu, unafunikwa na kunyunyiziwa maji kwa siku mbili au tatu hadi uchipue. Kisha unaanikwa juani hadi ukauke kabisa, unafikichwa ili michipukizi na vijizizi vitoke, halafu unasagwa. Wanaotumia mtama hawana ruhusa ya kuruka hatua ya kufikicha, kwa sababu chipukizi la mtama hutengeneza sumu ya jamii ya sianidi. Ulezi hauna shida hiyo, na ndiyo sababu ulipendekezwa zaidi.

Nafaka inapochipua hutengeneza kimeng'enya kinachokata minyororo ya wanga ili mmea mchanga upate chakula. Mpishi anaazima kazi hiyo. Anapika uji mzito, wa gramu 20 za unga kwa mililita 100, ambao kijiko kinasimama ndani yake. Anauipua na kuuacha upoe kidogo, kwa sababu kimeng'enya kikiangukia uji unaotokota kinakufa papo hapo. Ukifika kiasi ambacho kidole kinaweza kugusa kwa kupenyeza na kutoa haraka, anatia kijiko cha chai cha unga wa kimea na kukoroga. Ndani ya dakika tano hadi 10 uji ule unalegea na kutiririka kama mwepesi, bila tone la maji kuongezwa. Una unga mara nne ya ule wa chupa ya chai, na umekuwa mtamu kidogo kwa sababu wanga uliokatwa hubadilika kuwa sukari ya kimea. Baada ya hapo sharti urudishwe motoni uchemke tena, maana nafaka iliyolala siku tatu kwenye unyevu hubeba vijidudu.

Mbinu hii ilikwama wapi? Kazi ni nyingi. Siku nne hadi tano za kuloweka, kuchipusha, kuanika na kusaga ni gharama kubwa kwa mwanamke anayerudi shamba jua likizama. Harufu ya kimea huwakumbusha watu pombe, na zipo nyumba zisizotaka kuonekana nacho. Mjini, ulezi wa kuchipusha unahitaji nafasi ambayo chumba kimoja cha kupanga hakina.

Kuna kikwazo kingine, na hiki hutajwa kidogo. Mwaka 2004 kundi la watafiti lililoongozwa na Peter Mamiro lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Kilosa, Morogoro. Watoto wa miezi 6 hadi 12 waligawanywa makundi mawili. Wote walipewa uji wa ulezi, maharage, karanga na maembe, lakini kundi moja lilipewa uliotayarishwa kwa kuchipusha na kusindika, jingine uliotayarishwa kwa njia ya kawaida. Mwisho wa jaribio, hapakuwa na tofauti ya ukuaji wala ya kiwango cha damu kati ya makundi hayo. Kimea kinaongeza unga ndani ya kikombe. Hakigeuzi nafaka kuwa nyama, wala hakimponyi mtoto aliyekunywa maji machafu.

Kwa nyumba isiyo na kimea, hesabu inaweza kurekebishwa leo jioni. Badala ya vijiko vinne kwa lita, mama apime vijiko vitatu vya unga kwa mililita 300 za maji, kiasi kidogo zaidi ya kikombe kimoja. Atapata bakuli la uji mzito lenye kalori kama 108. Kabla ya kuipua, aongeze kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizokaangwa na kusagwa laini. Hicho peke yake kina kalori kama 90 na gramu nne hivi za protini. Bakuli sasa lina karibu 200. Mtoto wetu wa kilo 8 na nusu hana haja ya kulimaliza: nusu bakuli mara tatu kwa siku zinafikisha 300, zile ambazo uji mwepesi ulizitafutia vikombe saba.

Kipimo chake hakihitaji mizani. Chota uji kwa kijiko, kiinamishe. Ukidondoka kama maziwa, ni wa kunywa na haufai kuwa mlo. Ukibaki juu ya kijiko na kushuka taratibu, ndio huo. Mtoto aliyezoea chuchu atautema siku za kwanza, atauchezea, atachafua kila kitu. Hiyo ni kawaida, na kumpa kwa kijiko na bakuli lake mwenyewe kunasaidia kuliko kumbana pua.

Karanga zimeleta nguvu na protini, lakini chuma na zinki bado. Hapo dagaa wanaingia. Dagaa wa Ziwa Victoria wakavu ni zaidi ya nusu protini kwa uzito, na huliwa mifupa na yote. Wanachambuliwa mchanga, vichwa vinaondolewa kwa sababu ya uchungu, wanaoshwa kwa maji moto, wanakaushwa na kukaangwa bila mafuta hadi wavunjike kwa vidole, kisha wanatwangwa na kuchekechwa kwa kichujio cha chai. Kijiko cha chai kimoja kinachemshwa pamoja na uji. Harufu hupungua mchanganyiko ukipata maji kidogo ya ndimu, na ndimu yenyewe husaidia utumbo kufyonza chuma. Siku ambayo hakuna dagaa, yai moja lililopigwa na kukorogwa kwenye uji unaotokota linaongeza kalori kama 70. Na wakati wa mchana mtoto ale kile wanachokula wengine, ugali uliopondwa na mchuzi wenyewe wa maharage au samaki, mchicha uliokatwa vidogo, kipande cha embe au papai. Uji ni mlo mmoja tu kati ya minne, hata ukiwa mzuri.

Kliniki ina nafasi ya kulibaini hili mapema. Muuguzi akiuliza "anakula?" mama atajibu ndiyo, na atakuwa hasemi uongo. Swali linalofichua ni la namna nyingine: uji wa jana ulipikwa kwa vijiko vingapi vya unga, ulinywewa kwa nini, na nani aliyempa saa sita. Kwenye kadi, mstari wa uzito huwa umeanza kulala miezi mitatu au minne kabla ya mtoto kuonekana amekonda, na mara nyingi huanza kulala kati ya mwezi wa sita na wa tisa, pale uji unapochukua nafasi ya maziwa. Kupima urefu, jambo ambalo vituo vingi hulipita, hulionyesha tatizo wazi zaidi kwa mtoto mnene wa sukari.

Mtoto akiugua ndipo uji mwepesi hurudi kwa nguvu. Anaharisha, hataki kula, na familia nzima inakubaliana apewe uji wa maji maji hadi apone. Uji huo haufanyi kazi ya ORS na zinki, ambazo kituo cha afya ndicho kinachozitoa, na haumlishi. Aendelee kunyonya, aendelee kupewa chakula laini kidogo kidogo, mara nyingi zaidi. Akishapata nafuu, hamu ya kula hurudi kwa wiki kama mbili ikiwa kubwa kuliko kawaida. Katika wiki hizo anatakiwa kupewa mlo mmoja wa ziada kila siku, mzito, wenye karanga au yai, ili arudishe uzito alioupoteza kabla ya homa nyingine.